Mapigo Mawili Yasiyo na Mwenyewe

Miongoni mwa kazi ambazo mtu huzipokea kwa wepesi na kuzitenda kwa jasho, kazi ya kukata na kuunga picha za filamu ili kila picha ibadilike sawasawa na pigo la muziki ina cheo cha peke yake, kwa sababu mtazamaji, hata kama hajapata kushika kamera maishani mwake, hahitaji elimu yoyote kuitambua ikiharibika. Goti lake likipiga sasa na picha ikageuka baadaye kidogo, atakunja uso, na ingawa hataweza kukueleza aibu iko wapi, hutaweza kumshawishi kwamba haipo. Fundi seremala anaweza kuficha ufa kwa rangi, na mshonaji anaweza kuficha pindo lililokwenda upande kwa lesi, lakini mkata picha hana pa kuficha chochote, maana shahidi wa makosa yake ni mguu wa mtu mwingine.

Kadhia ninayotaka kuisimulia ilitokea Nchelenge, katika jimbo la Luapula nchini Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na katikati ya maji kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, ambacho hakina udugu wowote na Kilwa yetu ya pwani ila jina. Hata hivyo watu wa pwani si wageni wa jana katika nchi hiyo: Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, mzee wa ndevu nyeupe aliyekwisha kukaa siku nyingi kuliko alivyopenda. Mimi nami, niliyetoka Tanga na mkoba wa kamera na kompyuta, nilikuwa nimeitwa kutengeneza filamu fupi juu ya akina mama wauzao samaki katika soko la Kashikishi, na ndani ya filamu hiyo iwemo dakika moja kamili ya picha za haraka haraka, zikifuatana pasipo maneno, juu ya wimbo wa kalindula, ambao ndio muziki wa nchi ile, wenye besi nzito na magita yasiyopumzika.

Lau ningeachiwa kazi niifanye kwa hiari yangu, pengine nisingekuwa na la kuandika. Lakini walionituma, ambao walikaa katika mji wa mbali wenye lifti na vipoza hewa, walikuwa na kijana hodari wa hisabu, na kijana huyo alikuwa amekwisha kuniandalia muswada. Ulikuwa muswada mzuri wa kutazamwa. Ukurasa uligawanywa safu mbili, kushoto picha na kulia sauti, kama ifanywavyo na watu wa kazi hii. Na katika safu ya sauti alichora vijistari vya wino mwekundu, kila kijistari ni pigo moja la muziki, na mkabala wa kila kijistari, katika safu ya picha, aliandika kitakachoonekana: beseni, mkono, mzani, uso wa mama wa kwanza, mtumbwi, uso wa mama wa pili, jicho la samaki. Vijistari vilikuwa 125, na picha zilikuwa 125. Juu kabisa ya ukurasa aliandika maneno manne aliyoyapigia mstari: fremu kumi na mbili.

Maneno hayo yana mantiki yake, na yafaa yaelezwe. Filamu si kitu kinachotembea, bali ni picha zilizosimama, zinazoonyeshwa moja baada ya moja kwa kasi, na kila moja ya hizo tunaiita fremu. Sisi tulipiga kwa fremu 25 kwa nukta moja ya saa. Ukiujua mwendo wa wimbo, yaani mapigo yake kwa dakika, unaweza kujua kila pigo lachukua fremu ngapi: wazidisha 25 kwa 60, wapata fremu 1500 za dakika nzima, kisha wazigawa kwa idadi ya mapigo. Wimbo wa mapigo 100 hukupa fremu 15 kwa kila pigo, na wimbo wa mapigo 125 hukupa fremu 12, hakuna kinachobaki wala kinachopungua. Kwa sababu hiyo wahesabuji huupenda mwendo wa 125 mapenzi makubwa, ilhali mwendo wa 120, ambao wanamuziki huuona kuwa mwepesi kuliko yote, huwapa fremu 12 na nusu, na hakuna mkasi duniani uwezao kukata fremu nusu.

Ufundi huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1928, Walt Disney na wenzake walipokuwa wakitengeneza katuni ya panya iitwayo Steamboat Willie, mchoraji wao Wilfred Jackson alitumia kidude cha kuhesabia mwendo wa muziki, akapanga mapema kwenye karatasi pigo gani liangukie mchoro gani. Hisabu ilikuwa safi. Lakini wanamuziki walipoketi kurekodi, mkono wa kiongozi wao na mguu wa panya havikupatana, kikao cha kwanza kikaharibika na fedha zikapotea, mpaka ilipobuniwa hila ya kuchapisha kwenye filamu yenyewe mpira mdogo unaodundadunda kwa kila pigo, ili kiongozi autazame na kuufuata. Angalia basi jinsi mambo yalivyopangwa kule: picha zilitangulia, na muziki ukalazimishwa kuzitii. Kwetu Nchelenge mpango ulikuwa kinyume. Muziki ulitangulia kurekodiwa, tena na watu walioketi chini ya mwembe bila kidude wala mpira, na kijana wa mjini akatumaini kwamba wangekuwa wamepiga mapigo 125 kwa dakika kwa ajili ya kumridhisha yeye.

Walipiga 126.

Mtu asiyeifahamu kazi hii atacheka na kusema kwamba pigo moja kwa dakika si kitu, na mimi nilimsikia kijana akisema hivyo hivyo kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mgonjwa. Tuzifuate picha zenyewe tuone. Mwanzoni kila kitu kilikuwa sawa. Beseni likaingia na ngoma, mkono ukaingia na ngoma. Lakini kila pigo la wimbo lilikuwa fupi kuliko fremu 12 kwa sehemu ya kumi hivi ya fremu moja, na deni hilo, ambalo halionekani kwa macho, halikusamehewa bali liliwekwa akiba. Ni mfano wa wapagazi wawili waliochukua gogo moja, mmoja ana hatua ndefu kuliko mwenzake kwa upana wa ukucha: kwa hatua za kwanza hawahisi lolote, na kabla ya kufika mtoni gogo limekwisha kukaa mshazari. Kufikia nukta ya kumi picha zilikuwa zimechelewa fremu mbili, na hapo mtazamaji huanza kujipapasa kama aliyesahau kitu. Kufikia nusu dakika zilichelewa fremu sita, yaani nusu ya pigo, na hakuna mahali pabaya zaidi kuliko hapo, kwa kuwa kila picha iliangukia katikati kabisa ya kimya kati ya ngoma na ngoma. Ungeapa kwamba mtu alikusudia kuutukana wimbo.

Sasa sikiliza ajabu ya hisabu. Deni lile liliendelea kukua baada ya nusu dakika, lakini kwa kuwa sasa lilikuwa likielekea pigo zima, picha zilianza kuukaribia tena mlio, siyo ule zilioandikiwa bali ule unaofuata. Na dakika ilipokaribia kutimia, zilikuwa zimechelewa fremu 12 taslimu, kila picha ikianguka juu ya ngoma kwa unyofu wa kupendeza, ila ngoma yenyewe ni ya jirani yake. Ikatukia kwamba mzee mmoja wa bendi, ambaye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma, aliingia chumbani mwangu wakati ule ule wa mwisho. Akazitazama nukta chache za mwisho, akatikisa kichwa kwa furaha, akanipa mkono. Nilimrudishia wimbo toka mwanzo ili aone balaa yote. Alipofika nusu dakika alisimama, akavaa kofia yake, akatoka nje bila kuaga, na nilimsikia akimwambia mtu uani jambo fulani kwa Kibemba ambalo sikuomba litafsiriwe.

Dawa ya maradhi haya inajulikana na kila mhariri: wimbo uliopigwa na binadamu haupimwi kwa kikokotoo, unasikilizwa, na alama zinatiwa kwa mkono pale pale pigo lilipo. Katika programu zinazotumika sana, kama vile Adobe Premiere Pro na DaVinci Resolve, unauacha wimbo ucheze, nawe unabonyeza kitufe cha `M` kwa kila pigo, na kila mbonyezo unaacha alama ndogo juu ya mchoro wa sauti. Kisha unairudia kwa utulivu kila alama ambayo kidole kiliwahi au kilichelewa, ukaisogeza hadi penye mwinuko wa ngoma. Alama zikikamilika, unazinakili kwenye muswada, na vijistari vipya vinachukua nafasi ya vile vya kuotea. Utaona kwamba kati ya alama na alama kuna fremu 12 mahali pengi, 11 mahali pengine, na hata 13 pale mwimbaji alipovuta pumzi na wenzake wakamngoja. Wanamuziki hawana habari kwamba wamefanya hivyo. Ndiyo adabu yao kwa mwimbaji.

Kazi hiyo ingemalizika alasiri moja kama si spika. Kompyuta yangu ina sauti ya mbu, na besi ya kalindula haisikiki ndani yake hata chembe, basi kinyozi aliyepakana nami ukuta kwa ukuta alinifanyia hisani ya kuniazima spika yake nzito isiyo na waya. Ilitoa besi iliyotikisa vikombe. Nikaketi nayo, nikabonyeza `M` kwa roho safi, na nilipoukuza mchoro wa sauti nikakuta kila alama, bila kubakiza hata moja, imesimama fremu tano kulia kwa mwinuko wake, mahali ambapo mchoro umelala bapa na hakuna kinacholia. Hapo ndipo inapofaa mtu ajue kuzipambanua aila mbili za makosa. Kosa la mwendo hukua: ni dogo mwanzoni na kubwa mbele ya safari. Kosa la vyombo halikui. Ni lile lile toka alama ya kwanza hadi ya mwisho. Spika nyingi zisizo na waya hupokea sauti, huifungua, kisha huitoa, na shughuli hiyo yote huchukua karibu sehemu ya tano ya nukta, yaani fremu tano zile zile. Kwa hiyo sikio husikia ngoma iliyokwisha kupita, na kidole, ambacho hakina kosa, huitia alama mahali ilipokwisha kuhama. Mtu asiyejua atalilaumu sikio lake na kujizoeza kubonyeza mapema, na siku atakapotumia spika ya waya atajikuta amekuwa nabii.

Niliitafuta waya sokoni. Wakati naiulizia, spika ya kinyozi, ambayo ilikuwa na mazoea ya kumtambua bwana wake, iliniacha ghafula, ikaungana na simu yake ng'ambo ya ukuta, na nyumba yangu ikajazwa mahubiri ya toba kwa sauti ya radi, hata jirani mmoja mcha Mungu akaja kunipongeza kwa badiliko la moyo. Nilipopata waya, sauti na mchoro vilipatana, na spika ikapata bwana mmoja.

Ikabaki tashwishi ya mwisho juu ya wimbo, nayo ilikuwa kubwa kuliko zote: katika mapigo manne manne yanayofanya fungu moja la muziki, la kwanza ni lipi? Si jambo dogo, kwa sababu pigo la kwanza ndilo zito, ndilo mwili unaloliangukia, na picha yenye uzito lazima iwekwe hapo. Kijana wa mjini alihesabu moja toka mlio wa kwanza aliousikia, ambao ni mlio wa gita. Lakini gita katika wimbo ule lilikuwa likibisha hodi tu. Lilitangulia mapigo mawili mbele, likiwaita wenzake, na besi na ngoma ziliingia pamoja kwenye pigo la tatu, ambalo kwa wenyewe ndilo la kwanza. Matokeo yake, kila moja ya muswada ilikuwa tatu ya wanamuziki, na picha zote nzito ziliangukia mahali ambapo mchezaji ananyanyua mguu badala ya kuukanyaga.

Nilimwendea yule mzee mpiga ngoma, kwa heshima, nikimwita bashikulu kama wamwitavyo watoto wa pale, na sikumuuliza kwa maneno, kwa kuwa swali la aina hiyo halina maneno mazuri katika lugha yoyote. Nilimchezea wimbo, nikamwomba agonge meza kwa kidole pale penye uzito. Aligonga bila kusita. Kwa kufanya hivyo nilikuwa nafuata njia ya mmishenari A. M. Jones, aliyefundisha Mapanza katika Rhodesia ya Kaskazini, na ambaye alishindwa kuamua kwa sikio lake mapigo ya ngoma za Zambia yanakaaje. Alitengeneza mashine yenye karatasi inayotembea, akampa mpiga ngoma Mlala aitwaye Kombe kalamu ya chuma agonge badala ya ngozi, na kila pigo likaacha doa kwenye karatasi. Kitabu chao juu ya ngoma ya icila kilitoka mwaka 1952. Jones aliona ni bora mwenye mkono aandike mwenyewe. Mimi sikuwa na karatasi inayotembea, lakini kidole cha mzee juu ya meza na kidole changu juu ya `M` vilitosha, na vijistari vikasogea mapigo mawili, vikatulia.

Usidhani kwamba alama zikikaa sawa picha nazo zimekaa sawa. Picha nyingine zina ngoma yake ndani. Tulikuwa tumewapiga picha wanawake wawili wakitwanga muhogo mkavu katika kinu kimoja, michi ikipokezana, huyu akishusha na mwenzake akiinua, na walitwanga kwa mwendo wao wa mapigo 70 kwa dakika, ambao walirithi kwa mama zao na hawakuwa tayari kuubadilisha kwa ajili ya filamu. Nilipoiweka picha hiyo juu ya wimbo, ilianza kwa kupatana, mchi ukaanguka na ngoma, kisha mchi ukaanguka baada ya ngoma, kisha ukaanguka mahali pake peke yake. Mtazamaji alikuwa anaona ngoma moja na kusikia nyingine, na katika ugomvi huo jicho ndilo linaloshinda, ndipo wimbo unapoonekana kuwa ndio mbovu.

Hapa hisabu ya kijana ilinifaa, na nilimshukuru kwa moyo. Wimbo una mapigo 126, na nusu yake ni 63. Mchi una 70. Ukiipunguza kasi ya picha hadi asilimia 90, yale 70 yanakuwa 63 barabara, na mchi unaanguka kwa kila mapigo mawili ya ngoma, kwenye la kwanza na la tatu, na kwenye la pili na la nne umenyanyuka juu. Punguzo la asilimia 10 jicho halilitambui katika kazi ya kutwanga. Wanawake wenyewe walipojiona walisema tu kwamba siku ile walikuwa hawana haraka. Lakini nililazimika kuamua picha iingie lini. Ikiingia kwenye pigo la kwanza, wakati ule ule mchi unaanguka, mambo mawili yanatokea kwa mara moja, na moja linalimeza jingine: mtu anaona picha mpya na hauoni mchi. Basi niliiingiza kwenye pigo la nne la fungu lililotangulia, mchi ukiwa juu hewani, jicho likapata pigo zima la kuitambua sura ya mambo, na pigo la kwanza lilipofika, ngoma na mchi vikaanguka pamoja. Mabadiliko ya picha yalikuwa juu ya pigo, na kitendo kilikuwa juu ya pigo, lakini si pigo moja, na kila kimoja kilipata haki yake.

Sasa nifike kwa akina mama, ambao filamu ni yao, na ambao hukumu yao ilinitia hofu kuliko ya mzee. Tuliwaonyesha kazi jioni moja, shuka jeupe likiwa limetundikwa ukutani, na tulianza na dakika ile kama ilivyoamriwa na muswada, picha moja kwa kila pigo. Mabadiliko yalinyooka, hapakuwa na hata fremu moja iliyotanga, nami nilitazamia shangwe. Palikuwa kimya. Kisha alisimama mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, ambaye Kiswahili chake cha Katanga ndicho kilichokuwa mkalimani wetu sokoni.

"Baba, ile siku nilivala kikwembe ya mupya," akasema. "Na mulinipitisha mbiyo, hata mutoto yangu hakunijua."

Alikuwa na haki. Pigo moja la wimbo ule ni chini ya nusu nukta ya saa. Katika muda huo jicho linatambua beseni, kwa kuwa mabeseni yote ni mamoja. Linatambua samaki, na mzani, na kasia. Uso wa mtu halimalizi kuusoma, na uso wa mtu mwenye kikwembe kipya hata zaidi, maana jicho huanza na kikwembe. Akina mama walikuwa ishirini, kila mmoja alikuwa amejiandaa kwa siku ya picha kama kwa harusi, na kila mmoja alipata fremu 12 kisha akafuatwa na jicho la samaki. Walikaa chini ya shuka lile wakipigana kumbo na kuulizana ni nani aliyepita.

Nikarudi kwenye muswada na kuugawa upya, na nausimulia mgawo huo kwa sababu ndio kiini cha kazi. Mapigo yalikuwa 126. Mawili ya mwanzo ni yale ya gita likibisha hodi. Yanabaki 124, ambayo ni mafungu 31 ya mapigo manne manne. Kila mama nilimpa fungu zima, picha yake ikiingia juu ya pigo la kwanza na kukaa hadi fungu linalofuata, karibu nukta mbili, muda wa kutosha mtu kuonwa, kutambuliwa, na kuonewa wivu. Mafungu ishirini yakaisha kwa wenyewe. Kumi na moja yaliyosalia nikayapa kazi za mikono na vyombo, na humo ndani mchi ukapata mapigo yake manne tuliyokubaliana, ukiazimwa pigo la nne la jirani. Ama mabeseni, mizani, makasia na wale samaki wadogo chisense waliotandazwa mchangani kukauka, hao niliwakata kwa kila pigo, papo kwa papo, nikiwapanga kabla ya nyuso ili mbio zao ziongeze hamu na uso utakapofika uonekane umetua. Tena kila mkato niliuwahisha fremu moja kabla ya alama, kwa kuwa picha inayowahi kidogo mtu huipokea kuwa imefika kwa wakati, na inayochelewa kwa kiasi hicho hicho huiona. Muswada ulikuwa sasa na vijistari vya aina mbili, virefu kwa pigo la kwanza na vifupi kwa mengine, na safu ya picha haikujaa tena hadi pembeni.

Maskini mimi, niliueleza mpango huo hadharani, kwa kiburi cha mtu aliyeona kweli. Sikujua kwamba nilikuwa nawafundisha biashara watu waliozaliwa ndani yake. Siku ya pili, katika soko la Kashikishi, palikuwa na habari kwamba filamu ina mafungu 31 tu na kwamba mhariri ndiye mwenye mizani. Mama mmoja alinijia na meda, kipimo cha sokoni, iliyojaa chisense, akaiweka miguuni pangu, akaniuliza kwa upole kama fungu moja haliwezi kuwa moja na nusu. Mwingine alitaka kubadilishana: yeye achukue fungu la mtumbwi, na mtumbwi uchukue la shemeji yake, waliyegombana naye. Niliwajibu kwamba fungu haligawanyiki, kwa kuwa picha ikiingia kwenye pigo la tatu uzito wake unapotea, na wakanisikiliza kama wanavyomsikiliza mnunuzi anayelalamika kwamba bei ni kubwa.

Yule mama wa Pweto hakuja na meda. Alikuja na hisabu. Alikuwa amekaa usiku kucha akihesabu kwa vidole, na alinieleza, mbele ya mashahidi, kwamba ishirini na kumi na moja ni thelathini na moja, na thelathini na moja mara nne ni mia na ishirini na nne, ilhali nilisema mwenyewe kwamba mapigo ni mia na ishirini na sita.

"Yale mabiri ya mbele," akasema, "ni ya nani?"

Nikamweleza kwamba hayo ni ya gita tu, hayana ngoma, hayana uzito, na kwamba juu yake nimeweka weusi mtupu, ili jicho lijiandae. Akaniuliza kama weusi ule umelipia nafasi. Nikatafuta jibu katika elimu yangu yote, kuanzia panya wa mwaka 1928 hadi karatasi ya Jones inayotembea, na sikuliona. Basi uso wake ndio unaoifungua filamu, mapigo mawili kabla ya ngoma, kisha unarejea katika fungu lake halali, na kwa hivyo ana mapigo sita ilhali wenzake wote wana manne manne. Walikwisha kugundua. Wametuma ujumbe wa watu watatu wenye busara kuniuliza filamu ya pili itaanza lini, na mimi nimekwisha kumwomba mzee mpiga ngoma kwamba safari hiyo gita libishe hodi kwa mapigo yasiyopungua thelathini na nane.